Waraka kwa watoa dawa wenzangu kuhusu kisonono na dawa tunazoendelea kuziuza

Ndugu zangu, kaka na dada mnaotoa dawa katika maduka ya dawa muhimu ya kanda yetu ya Ziwa, masokoni, vijijini na kwenye mialo ya wavuvi, ninawaandikia nikiwa na huzuni, wala sitaificha. Katika ziara za chama tulizofanya karibuni tulikuta jambo lilelile duka baada ya duka. Mwanamume anaingia, anasogea karibu, anasema kwa sauti ya chini kwamba anatokwa usaha na mkojo unamchoma, na kabla hajamaliza kusema, mwenzetu amekwisha kukata vidonge vya sipro na kuvitia kwenye bahasha. Hakuulizwa lolote kuhusu mkewe au mwenzi wake. Hakuelekezwa zahanati. Amelipa, ameshukuru, ameondoka, nasi tumeandika mauzo.

Najua kinachotufikisha hapo. Mteja ana haya. Zahanati ina foleni, na pengine muuguzi wa zamu ni shemeji yake. Usiku umeingia, boti inaondoka alfajiri, na wewe ndiye mtu pekee anayemwamini kwa siri hiyo. Najua pia kwamba kuna wakati sipro iliponya kisonono kweli, na waliotufundisha kazi hii walitufundisha kwa nia njema kile kilichokuwa sahihi wakati ule. Lakini wakati ule umepita. Dawa hiyo haiwezi kutegemewa tena kwa ugonjwa huu, nasi tunaendelea kuiuza kwa watu waliotuamini. Ndilo jambo ninaloomba tulizungumze bila haraka na bila kuoneana aibu.

Ushahidi hauko mbali. Ng'ambo ya ziwa letu, Kampala, watafiti walipima vimelea vya kisonono vilivyochukuliwa kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono mwaka 2008 na 2009. Zaidi ya 8 katika kila 10 vilikuwa sugu kwa sipro. Miaka hiyohiyo, Nairobi nako usugu wa dawa hiyo ulikuwa ukipanda. Samaki wetu wanavuka kwenda huko, madereva wetu wanalala huko, wavuvi wa pande zote wanakutana visiwani, na vimelea havisimami mpakani kukaguliwa. Anayesema kwamba hayo ni ya Uganda na Kenya, sisi hayatuhusu, namsihi asimame siku moja mwaloni aone boti zinatoka wapi.

Mtaniuliza, mbona wateja wanarudi wakisema wamepona? Swali hilo ni la haki, na jibu lake linauma. Kwa wanaume wengi usaha wa kisonono hupungua na kukoma wenyewe baada ya majuma kadhaa hata bila dawa yoyote, kwa sababu uvimbe wa njia ya mkojo hutulia ilhali vimelea vingali humo. Akiwa amekunywa sipro katika majuma hayo, shukrani zote zitaiendea sipro. Yeye anajiona mzima, sisi tunajiona tumemtibu, na vimelea vilivyonusurika vinahamia kwa mwenzi wake. Dawa ingeshindwa waziwazi tungeshtuka na kuiacha. Hii inashindwa huku ikisifiwa, ndiyo maana imedumu kwenye rafu zetu muda wote huu.

Baadhi yenu mmesema mbele yangu kwamba miongozo ya tiba inabadilishwa ovyo, kwamba wakubwa hukaa vikao wakatubadilishia dawa ili mpya zipate soko. Maneno hayo yamenihuzunisha kuliko hata vile vidonge, kwa kuwa mtu asiyejua kwa nini mwongozo umebadilika hataona sababu ya kuufuata. Basi nawaomba tuifuate historia ya ugonjwa huu kwa ufupi, kwani yenyewe inajieleza.

Dawa za salfa ndizo zilizoanza, katika miaka ya 1930, na kabla muongo uliofuata haujaisha zilikuwa zimepoteza nguvu kwa sehemu kubwa. Penisilini ikaingia mwaka 1943, na wagonjwa wa mwanzo walipona kwa jumla ya yuniti 160,000 hivi. Kisha dozi ikabidi iongezwe, ikaongezwa tena, hata kufikia miaka ya 1970 mgonjwa alikuwa akichomwa yuniti 4,800,000, nusu tako hili na nusu lile, na kunyweshwa probenesidi ili figo zisiitoe dawa upesi mwilini. Hiyo ni mara 30 ya dozi ya kwanza. Wazee wetu waliowahi kuchoma PPF wanazikumbuka sindano hizo na mayowe yake. Halafu mwaka 1976 vikagunduliwa vimelea vyenye kimeng'enya cha kuivunja penisilini yenyewe, asili yake Asia ya Kusini Mashariki na Afrika Magharibi, na kuanzia hapo kuongeza dozi kukawa hakusaidii kitu. Tetrasaiklini nayo ikafuata njia hiyo. Sipro ilipokuja ikapokewa kwa furaha: kidonge kimoja, hakuna sindano, mgonjwa amepona. Katika miaka ya 1990 ikaanza kushindwa huko Asia. Mwaka 2007 Marekani ikaiondoa kabisa katika tiba ya kisonono, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 nao haukuipa nafasi.

Hakuna mkubwa aliyeiondoa penisilini kwa kalamu yake. Vimelea ndivyo vilivyoiondoa, na mwongozo ukaja nyuma kuandika kilichokwisha kutokea.

Kimelea hiki kina uwezo ambao kila mtoa dawa anapaswa kuufahamu. Huokota vipande vya vinasaba kutoka kwa vimelea vingine vya ukoo wake, kikavifanya vyake. Sasa, kooni mwa binadamu huishi jamaa zake wengi wasio na madhara. Tunapouza azithro kwa mafua na kikohozi kisichohitaji antibiotiki, jamaa hao hupigwa na dawa, dhaifu hufa na sugu hubaki. Siku kisonono kikifika kooni humo kwa ngono ya mdomo, hukuta usugu umekwisha kuandaliwa na kuuchukua. Na koo lenye kisonono mara nyingi haliumi hata kidogo, kwa hiyo mwenye nalo hana habari. Kwa njia hii, ndugu zangu, azithro tuliyoiuza kwa kikohozi cha juma lile ina mkono katika kisonono sugu cha mwaka ujao, ingawa wagonjwa ni wawili tofauti wasiojuana. Ama usugu wa sipro, huo ni badiliko dogo tu katika kinasaba cha kimelea, lisilokilemea kwa namna ya kukizuia kuzaana. Ndiyo maana kuiweka sipro pembeni miaka michache hakujairudishia nguvu zake, na anayengoja irudi anangoja bure.

Kipo kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani limekuwa likikitumia kuamua lini dawa iachwe: ikishindwa kwa vimelea zaidi ya 5 katika kila 100 vilivyopimwa, isiendelee kuwa tiba ya kawaida. Mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini tuiache dawa inayoponya watu 95. Aliuliza vizuri. Sababu ni kwamba kisonono hutibiwa mara moja, mgonjwa akaondoka, na hakuna anayengoja matokeo ya maabara. Wale 5 hatuwajui ni akina nani. Wanaondoka na vimelea vilevile vilivyoishinda dawa, wanavisambaza, na kwa kuwa vilivyokuwa laini vimekwisha kuuawa, vilivyobaki vyote ni sugu. Mwaka unaofuata hawatakuwa 5. Kusubiri mpaka wafike 30 au 40 ni kuwa umekwisha kuchelewa.

Nanyi mjue pia kwa nini hatuwezi kupima kila mgonjwa. Kimelea cha kisonono ni kidhaifu mno kikitoka mwilini. Kikikauka kinakufa, kinahitaji chakula maalumu chenye damu iliyopikwa, joto la mwili na hewa yenye kaboni dayoksaidi, na safari ndefu ya sampuli juani hukimaliza kabla hakijafika. Vipo vipimo vya vinasaba vinavyoonyesha kwamba kimelea kipo, lakini kwa kawaida havisemi ni dawa gani itakiua. Kwa hiyo nchi hutegemea vituo vichache vinavyootesha sampuli na kutoa picha ya hali ilivyo, na mwongozo hujengwa juu ya picha hiyo. Unapoufuata, unatumia macho ya maabara ambayo wewe huna. Unapouacha, unafanya kazi gizani.

Leo nguzo iliyobaki ni sindano ya seftriaksoni, nayo dozi yake imekuwa ikipanda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 uliitaja kwa miligramu 250 pamoja na azithro gramu 1. Mwishoni mwa mwaka 2020 Marekani ilikwenda kwenye miligramu 500 na kuiacha azithro, na Uingereza ilikwisha kupanda hadi gramu 1, nayo bila azithro. Wengi wamechanganyikiwa na namba hizi, lakini maana yake inaeleweka. Ili seftriaksoni iue kimelea hiki, haitoshi ikifikie tu. Lazima kiasi chake mwilini kikae juu ya kiwango cha kuua kwa muda wa takriban siku nzima. Kimelea kikizidi kuwa kigumu, kiwango hicho hupanda, na dozi ya zamani hushuka chini yake saa chache mapema mno. Kuongeza dozi ni kuzirudisha saa hizo. Azithro nayo iliachwa kwa sababu usugu wake ulikuwa ukiongezeka, na kwa sababu ilikuwa inavikomaza vimelea vingine mwilini bila faida ya kutosha. Msikariri namba nilizoandika hapa. Shikeni toleo la mwongozo wa taifa linalotumika sasa katika kituo cha afya kilicho karibu nanyi, na mkiona bango ukutani lina mwaka wa zamani, ulizeni.

Mnaiona njia iliyoanza? Dozi inapanda kama ilivyopanda ya penisilini. Huko Kyoto, Japani, mwaka 2009 kilipatikana kimelea chenye usugu mkubwa kwa seftriaksoni, na kilitoka kooni. Mwaka 2018 mgonjwa mmoja nchini Uingereza, aliyeambukizwa Asia ya Kusini Mashariki, alikutwa na kimelea sugu kwa seftriaksoni na kwa azithro pia, hata ikabidi apewe ertapenemu ya mshipani. Zipo dawa mpya za kunywa zilizojaribiwa kwa wagonjwa, na zoliflodasini ni mojawapo, majaribio yake yakihusisha pia Afrika Kusini. Nashukuru kwa hilo. Lakini siwezi kufurahi nikifikiria kidonge kipya kinachoponya kikifika kwenye kaunta zetu na kuuzwa kimoja kimoja kwenye bahasha, kwa mafua na kwa kila mkojo unaochoma, vile tulivyofanya kwa sipro.

Sasa nawaomba nizungumze kuhusu mtu ambaye haji kaunta. Nimeruhusiwa kusimulia habari za dada mmoja mchuuzi wa dagaa, nami nimeacha yote yanayoweza kumtambulisha. Mumewe alitokwa na usaha, akanunua vidonge kumi vya sipro katika duka moja, usaha ukakoma baada ya majuma kadhaa. Hakumwambia mkewe. Yule dada hakuwa na dalili ya kumshtua. Uchafu ukeni uliongezeka kidogo, bila harufu mbaya, akadhani ni kawaida yake. Baada ya hedhi moja akaanza kuumwa chini ya kitovu, pande zote mbili, na tendo la ndoa likawa na maumivu ndani kabisa. Akaenda dukani akasema tumbo la chini linauma. Akapewa dawa ya mkojo. Maumivu yalipotulia nusu kisha yakarudi, akaambiwa ana UTI sugu, akabadilishiwa dawa. Safari nyingine akapewa metronidazoli na vidonge vya fangasi vya kuweka ukeni. Kikaja kichomi upande wa kulia chini ya mbavu, kinachozidi akivuta pumzi, akaambiwa ni vidonda vya tumbo na kuuziwa dawa za kupunguza asidi. Mwanamke wa mtaani akamuuzia mchanganyiko wa kusafisha kizazi. Mwaka uliofuata hedhi ikachelewa, akafurahi, kwa maana alikuwa akitamani mtoto. Siku chache baadaye tumbo likamkata ghafla, bega likauma, akazimia sokoni. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, mrija umepasuka, damu imejaa tumboni. Aliokolewa kwa upasuaji na damu ya watu wengine. Mrija mmoja ukaondolewa, na daktari akaona ule uliobaki umeshikamana na viungo vya jirani.

Nasema kweli yote: baada ya muda ule hakuna aliyeweza kuthibitisha kama aliyeanza kuharibu ni kisonono au klamidia, au vyote viwili, maana mara nyingi huja pamoja na huharibu mahali palepale. Lakini tazameni ni mara ngapi alisimama mbele ya mmoja wetu, na kila mara alitoka na bahasha.

Kwa mwanamke kisonono huanzia kwenye mlango wa kizazi, mahali pasipo na hisia nyingi za maumivu, na nusu ya wanawake walionacho au zaidi hawasikii kitu. Hata uchafu ukeni si shahidi wa kutegemewa. Wengi wanaolalamika uchafu wana fangasi au mvurugiko wa vimelea vya kawaida vya uke, na wengi wenye kisonono hawalalamiki kabisa. Ndiyo maana mwanamke hujulikana mara nyingi kupitia kwa mwanamume aliyetokwa na usaha. Yule kaka aliyeinama kwenye kaunta yako ndiye king'ora pekee cha mkewe. Ukimzima kwa bahasha ya sipro bila kumuuliza kuhusu mwenzi, umekizima king'ora hicho.

Wasipotibiwa, inakadiriwa kwamba kwa wanawake 1 au 2 katika kila 10 vimelea vitapanda hadi ndani ya kizazi na mirija, hasa wakati wa hedhi au baada yake, pale mlango wa kizazi unapokuwa wazi zaidi. Ndani ya mrija wa uzazi mna vinyweleo vidogo vinavyopunga kuelekea kizazi, na yai husogezwa navyo kama ndoo inayopokezwa mkono kwa mkono. Kisonono hushika seli zisizo na vinyweleo, lakini sumu zake huziua seli za jirani zenye vinyweleo, zikang'oka na kudondoka. Jeraha linapopona, mrija unaweza kuwa wazi kwa macho na bado hausogezi kitu. Yai lililorutubishwa hukwama humo, likakua mahali pasipo na nafasi. Makovu yakizidi, mrija huziba kabisa. Vimelea vikivuka mrija vikamwagika tumboni vinaweza kufika kwenye ngozi ya ini, na hicho ndicho kile kichomi cha kulia kinachofanana na nyongo au vidonda vya tumbo.

Huko Lund, Sweden, madaktari waliwafuatilia kwa miaka mingi wanawake waliothibitika kuwa na uvimbe wa mirija. Waliougua mara moja, takriban 8 katika kila 100 walikuwa tasa kwa sababu ya mirija. Waliougua mara mbili, takriban 20. Mara tatu au zaidi, takriban 40. Na katika mimba ya kwanza baada ya ugonjwa, hatari ya kutunga nje ya kizazi ilikuwa kama mara sita ya wanawake wengine. Nawaomba mziangalie namba hizo kwa makini, kwa sababu zinasema jambo linalotuhusu sisi hasa. Mara ya kwanza huacha wengi wakiwa bado na uzazi wao. Kinachowamaliza ni kurudiwa, na mwanamke hurudiwa pale yeye anapotibiwa na mume hatibiwi, au mume anapopewa dawa iliyokwisha kushindwa. Katika jamii zetu mnajua mzigo wa utasa hubebwa na nani. Anarudishwa kwao, anaolewa mwenzake, na aliyemwambukiza anapewa pole.

Yupo pia mtoto. Mama mwenye kisonono akijifungua, macho ya mtoto hupita kwenye njia ya uzazi yenye vimelea. Siku ya pili hadi ya tano kope zinavimba, usaha mzito unatoka, na kioo cha jicho kinaweza kutoboka ndani ya muda mfupi. Mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1 yanayopakwa mara baada ya kuzaliwa ni kinga. Si tiba ya jicho lililokwisha kuvimba. Mzazi akija kuomba dawa ya macho ya kichanga cha namna hiyo, msiuze chochote. Mpelekeni hospitali saa ileile, pamoja na mama yake.

Kanda yetu hii ina heshima yake katika jambo hili, na ndiyo maana nasikitika zaidi. Kati ya mwaka 1991 na 1994, mkoani Mwanza, vituo vya afya vijijini vilipewa mafunzo na dawa sahihi za magonjwa ya ngono, na maambukizi mapya ya VVU katika jamii hizo yakapungua kwa takriban asilimia 40. Tafiti za Uganda zilizofuata, zilizofanywa kwa namna nyingine, hazikupata matokeo kama hayo, na wataalamu wamejadiliana sana kuhusu sababu. Lakini waliofanya kazi ile ya Mwanza walikuwa wahudumu wa kawaida wa vijijini. Walimwuliza mgonjwa maswali, walimpa dawa iliyofaa, na walimwita mwenzi wake. Sisi ni warithi wao, na watu wanatuita daktari hata pale tunapowakataza.

Basi haya ndiyo tuliyokubaliana kamati nzima, nami nayaleta kwenu. Sipro isitoke kwa kisonono katika duka lolote la mwanachama, wala azithro peke yake. Mwanamume anayetokwa na usaha aelekezwe kituoni kwa sindano, kwa kuwa duka letu si mahali pa kuchoma. Mwelezeni kwamba atapewa pia dawa ya klamidia, kwa kawaida doksi ya siku 7, aimalize yote. Mwambieni kwa lugha ya upole: "Kaka, dawa yangu itakukausha usaha tu, mama watoto ataumia." Mwombeni aende naye, na wenzi wengine wa miezi ya karibuni kama wapo, na asilale na yeyote mpaka siku 7 zipite tangu wote watibiwe. Akirudi akisema sindano haikumsaidia, kwanza ulizeni kama amekutana tena na mtu asiyetibiwa, kwani mara nyingi ndiyo sababu. Kama sivyo, mrudisheni kituoni na mwandike kwenye rufaa kwamba alikwisha kupata seftriaksoni, ili achukuliwe sampuli ya kuotesha inapowezekana. Mgonjwa wa namna hiyo ni habari ambayo nchi inaihitaji.

Kwa mwanamke anayesema tumbo la chini linauma, msiitamke UTI kabla ya kuuliza. Ulizeni hedhi ya mwisho lini. Ulizeni kama tendo la ndoa linauma ndani, kama ana homa, kama damu inatoka kati ya hedhi au baada ya tendo, kama mwenzi wake amewahi kutokwa na usaha. Hedhi ikiwa imechelewa, au akiwa mjamzito, au anatapika, au tumbo limekakamaa, au anasikia kizunguzungu na bega kuuma, mtafutieni usafiri kwanza, maswali mengine yatangoja. Asiye na hatari hizo apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Tiba ya uvimbe wa mirija ni sindano pamoja na doksi na metronidazoli kwa siku 14, na anapaswa kuonwa tena ndani ya siku 3, kwa kuwa asiyepata nafuu kufikia hapo huenda ana jipu ndani. Mgonjwa wa uvimbe wa mirija huelekea kuacha dawa siku ya tano maumivu yakiisha, na hapo ndipo ninyi mlio karibu naye mnapoweza kumsaidia kuliko daktari aliye mbali.

Kila duka litapokea daftari la rufaa lenye karatasi mbili mbili, moja ya mgonjwa na moja ya kubaki. Msiandike jina la ugonjwa juu ya karatasi ya mgonjwa, maana hupita mikononi mwa wengi. Andikeni alama tutakayokubaliana na vituo. Kwenye kikao cha robo mwaka kijacho njooni na daftari hilo, pamoja na sipro mliyobakiwa nayo, tuihesabu na tuamue kwa pamoja itakakopelekwa, ili asipatikane mmoja wenu wa kubeba hasara peke yake.

Wenu katika huduma,
Mwenyekiti